Kujikaza Kisabuni na Siku Kumi za Baada ya Kufeli

Matokeo yametoka Ijumaa saa kumi jioni. Mtahiniwa anaingiza namba yake, ukurasa unafunguka, na mbele ya somo la hesabu za kampuni pameandikwa 43. Alama ya kupita ni 50. Masomo mengine mawili ya msimu huu ameyapita, lakini hili ni mara ya pili anaanguka. Anaizima simu. Kabla jua halijazama, watu watatu watakuwa wameshamwambia ajikaze kisabuni.

Mtahiniwa huyu ni wa mfano tu. Nimemchagua kwa sababu kufeli mtihani ni pigo la ukubwa wa kati: halimuui mtu, lakini linatosha kumfanya aache kazi aliyoianza miaka mitatu iliyopita. Mapigo ya ukubwa huu ndiyo yanayotukuta mara nyingi, na ndiyo yanayofaa kujifunzia. Tumfuate siku kumi.

Tuanze na hiyo sabuni. Ikikauka hukaza kweli, ila ikikutana na maji inaliwa vilevile. Kujikaza kuna mahali pake. Ukiwa katikati ya shughuli isiyoweza kusimama, unameza mate na kuendelea, na hakuna ubaya. Ubaya unaanza kujikaza kunapofanywa kuwa ndio mpango mzima. Mwanasaikolojia James Gross na wenzake walilipima jambo hili miaka ya 1990. Waliwaonyesha watu filamu fupi zenye kuchukiza au kuhuzunisha, wakawaagiza baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Waliweza kuficha, lakini hisia mbaya ndani yao haikupungua, na miili yao ilihangaika zaidi kuliko ya wale walioachwa watazame tu. Majaribio yaliyofuata yakaonyesha jambo jingine: anayeficha hisia hukumbuka vibaya yale yaliyotokea wakati anaficha. Mtahiniwa wetu anahitaji kukumbuka vizuri jinsi alivyopoteza zile alama 7. Akitumia wiki nzima kulinda uso wake mbele za watu, anaichoma akiba ileile atakayoihitaji kesho.

Hata neno letu lenyewe linachangia. Ustahimilivu tunausikia kama kuvumilia, kama mzigo uliobebwa bila kulalamika. Watafiti wanapotumia neno hili wanazungumzia kitu tofauti kidogo: mtu ameyumba, na baada ya muda amerudi kufanya kazi zake, kulala na kuelewana na watu wake. Kuyumba kumo ndani ya hesabu. Kinachotazamwa ni kurudi, na kurudi kuna hatua zinazofundishika.

Ushahidi mmoja wa kwamba zinafundishika ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio ambayo leo pengine yasingeruhusiwa. Mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, baadaye walipowekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kidogo tu kungewaokoa, wengi wao hawakuruka. Maelezo ya wakati ule yalikuwa kwamba mbwa wale wamejifunza unyonge. Mwaka 2016, baada ya miongo kadhaa ya kuchunguza ubongo wa wanyama, watu walewale wawili waliandika kwamba waliisoma hadithi kinyume. Kukaa kimya na kukata tamaa baada ya mateso marefu hakufunzwi. Ndivyo mwili unavyojibu wenyewe. Kinachofunzwa ni upande wa pili: ubongo unagundua kwamba kuna kitu ninachoweza kukifanya na kikaleta tofauti, na ugunduzi huo ndio unaouzima ule unyonge.

Hebu lichukue hilo mpaka kwa mtahiniwa aliyejifungia chumbani. Uzito anaousikia hauonyeshi kwamba yeye ni dhaifu. Ni hali ya kawaida ya mwili uliopigwa. Na dawa yake si maneno ya kutia moyo, ni kitendo kidogo ambacho matokeo yake anayaona kwa macho yake mwenyewe. Mengi ya siku hizi kumi ni kutafuta vitendo vya namna hiyo.

Usiku wa kwanza usiamue kitu

Ijumaa usiku kazi ni moja: kufika asubuhi bila kuharibu kitu. Mwaka 2007 Seung-Schik Yoo, Matthew Walker na wenzao waliwaweka watu macho kwa takribani saa 35, kisha wakawaonyesha picha zenye kutisha na kuchukiza huku wakiupiga picha ubongo wao. Amigdala, sehemu inayopiga king'ora cha hatari, iliitikia kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko kwa watu waliolala. Uhusiano wake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "subiri kwanza," ulikuwa umelegea. Kwa maneno mengine, jambo lilelile ukilitazama bila usingizi linakuwa kubwa zaidi, na hakimu wa kulipima amesinzia.

Kwa hiyo mtahiniwa ajiwekee sharti la saa 48. Asijiandikishe kurudia, asitangaze kuacha, asimwandikie mkuu wa chuo barua ya lawama. Barua anaweza kuiandika, ila asiitume.

Na usingizi wenyewe? Kosa la kawaida ni kupanda kitandani mapema ili siku iishe. Usingizi haujaiva, kwa hiyo kitanda kinageuka kuwa mahali pa kuwazia, na mazoea hayo yakishika yanaweza kudumu miezi. Ni afadhali kulala saa ileile ya siku zote au kuchelewa kidogo, na kuamka saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbaya. Saa ya kuamka ndiyo nanga. Ukilala ukaona kama dakika 20 zimepita bila usingizi, ondoka kitandani, kaa penye mwanga hafifu ufanye kitu cha kuchosha, urudi macho yakianza kulegea. Hizo dakika 20 zikadirie, usiangalie saa, maana kuhesabu dakika kunakukesha zaidi. Pombe inawadanganya wengi hapa. Inakulaza haraka, kisha inaukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na saa tisa alfajiri unajikuta macho na moyo unadunda.

Sentensi iliyokwama

Jumapili ndiyo siku ya kazi ya kichwa. Chukua karatasi, uandike sentensi inayozunguka akilini jinsi ilivyo, bila kuipamba. Kwa mtahiniwa wetu ni hii: "Sina akili ya hesabu, nitafeli tena."

Ni maneno machache, lakini yamebeba mambo matatu yasiyo na ushahidi. Kwanza, sababu yote imewekwa ndani ya mtu, kwenye akili yake. Pili, imefanywa ya kudumu, maana akili si kitu cha kubadilisha kabla ya msimu ujao. Tatu, imetandazwa: kutoka karatasi moja imekuwa hesabu zote. Seligman alitumia miaka mingi kuchunguza mazoea haya matatu ya kueleza mabaya yanayotupata. Yanapokwenda pamoja huwa yanaandamana na kukata tamaa. Yakichunguzwa moja moja, mara nyingi hayasimami.

Uchunguzi wenyewe haufanywi kwa kujibishana na sentensi. Ukiiambia "si kweli, nina akili," itakurudishia "43." Unaichunguza kama mkaguzi anavyochunguza vitabu: kwa kurudi kwenye vocha. Mtihani ulikuwa na maswali matano ya alama 20 kila moja, na muda ulikuwa saa tatu, yaani dakika 180. Kwa hiyo kila swali lilistahili dakika 36. Mtahiniwa akae akumbuke alianza kila swali saa ngapi, akisaidiwa na chochote alichonacho: maelezo aliyoandika pembeni ya karatasi ya maswali, tangazo la msimamizi kwamba imebaki nusu saa, mahali alipokuwa kengele ilipolia. Tuseme anapata hivi: swali la kwanza dakika 60, la pili 42, la tatu 38, la nne 35. Jumla ni 175. La tano, lenye alama 20 kama mengine, lilipata dakika 5.

Alama zinazomkosesha ni 7. Swali ambalo karibu hakuligusa lilikuwa na 20.

Sasa arudi kwenye lile swali la kwanza na kujiuliza ni nini hasa kilikula dakika 60. Lilikuwa la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, mizania haikukubali kulingana, na kila ilipokataa alianza upya. Hapa kuna vitu viwili tofauti ambavyo Ijumaa vilikuwa vimeviringika pamoja: mada moja ambayo haijakaa sawa, na tabia ya kutoachia swali mpaka lilingane. Sentensi mpya inajiandika yenyewe: "Nilifeli karatasi hii kwa sababu swali la kwanza lilinila dakika 24 zaidi ya zake na la tano sikulifikia, na mada ya kuunganisha hesabu sijaielewa vizuri."

Utajuaje kwamba tafsiri mpya ni nzima na si rangi iliyopakwa juu ya kutu? Mimi naangalia vitu vitatu. Inaweza kusomwa mbele ya mtu aliyeiona karatasi yako ya majibu na asicheke. Inaelekeza kitu cha kufanya ambacho unaweza kukipangia siku. Na bado inauma kidogo. Hili la mwisho watu hulisahau. Sentensi kama "mtihani ulikuwa wa hila" au "kila jambo lina sababu yake" huondoa maumivu mara moja, na kwa sababu hiyo hazikuachii kazi yoyote ya Jumatatu. Zinaweza kufariji, wala sina ugomvi na faraja. Ila zisikalie kiti cha maelezo.

Kuna mtego hapa ambao hata wakufunzi wazuri hutumbukia. Kutazama jambo kwa jicho jingine si dawa ya kila kitu. Mwaka 2013 Allison Troy na wenzake walichapisha utafiti uliotenganisha shida ambazo mtu hana uwezo nazo na zile alizo na uwezo nazo. Kwa zile za kwanza, waliokuwa hodari wa kubadili tafsiri walionyesha dalili chache za sonona. Kwa zile za pili, uhodari huohuo uliandamana na dalili zaidi. Inaeleweka. Kama paa linavuja na ngazi unayo, kujifunza kuupenda mlio wa matone ni kujichelewesha.

Kwa hiyo karatasi ya Jumapili ipigwe mstari katikati. Upande mmoja yakae yasiyobadilika: alama 43 imeshaandikwa, msimu ujao uko miezi mingi mbele, na waliofanya naye wameshapita. Haya ndiyo ya kutafsiriwa upya na kuzoewa. Upande wa pili yakae yanayobadilika: ugawaji wa dakika na ile mada moja. Haya yapangiwe kazi, si falsafa.

Kuwaza na kutafuna

Baada ya hapo kichwa hakitatulia mara moja, na mtu anahitaji kujua kama anawaza au anatafuna tu kama ng'ombe anayecheua. Kipimo chepesi ni swali lenyewe. "Kwa nini mimi?" halina jibu, kwa hiyo halina mwisho. "Nini kilitokea mizania ilipokataa kulingana?" lina jibu. Kipimo kingine ni mazao: kama robo saa imepita na hakuna mstari mpya ulioongezeka kwenye karatasi, huko ni kucheua, simama ukafanye kitu cha mikono. Ethan Kross na wenzake waliona pia kwamba mtu akijizungumzia kwa jina lake badala ya "mimi" hupata umbali kidogo, kana kwamba anamshauri mtu mwingine. Kwenye karatasi si kichekesho hata kidogo. Kwa sauti ndani ya basi, labda ungoje.

Wapo wanaosaidiwa na kuandika kwa utaratibu. Namna iliyochunguzwa zaidi ilianzia kwa James Pennebaker na Sandra Beall mwaka 1986: dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, ukiandika tukio na jinsi ulivyolihisi, vyote viwili, bila kujali tahajia. Wanafunzi walioandika hivyo walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, na hapo ndipo wengi wanaojaribu wenyewe huacha siku ya pili wakidhani imewadhuru. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba faida yake kwa wastani ni ndogo. Kwa hiyo jaribu, ila usiandike muda wa kulala umekaribia, na siku nne zikiisha funga daftari. Ukiendelea wiki ya tatu kuandika lilelile, umerudi kwenye kucheua, tofauti ni kwamba sasa una kalamu.

Msaada unaouma na msaada usioonekana

Kuhusu watu, utafiti mmoja unamhusu mtahiniwa wetu karibu moja kwa moja. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha matokeo ya shajara za kila siku za wenzi ambao mmoja wao alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa uwakili wa jimbo la New York. Kila mmoja aliandika kwa upande wake: leo nimempa msaada, leo nimepokea msaada. Siku ambazo mtahiniwa aliona kabisa kwamba anasaidiwa, huzuni yake ilielekea kupanda. Siku ambazo mwenzi alisema amesaidia, lakini mtahiniwa hakuandika kwamba amepokea kitu, huzuni ilielekea kushuka. Msaada uliofanya kazi ulikuwa ule usiotangazwa.

Sababu si ngumu kuiona. Msaada unaojionyesha una ujumbe wa pili ndani yake, kwamba wewe peke yako huwezi. Mtu aliyeanza kuamini kwamba hana akili, ukimkalisha chini na kumwambia "tuko nyuma yako, usijali," unaweza kuwa umemthibitishia. Ukipika zamu yake bila kusema, ukamchukua mtoto kwa saa mbili jioni kana kwamba ulikuwa na hamu naye, umempa muda na hujamnyang'anya hadhi.

Lakini anayesaidiwa hawezi kukaa akingoja msaada usioonekana. Inabidi aombe, na kuomba kuna ufundi wake. Maombi mengi hushindwa kwa sababu ni mapana. "Niombee tu," "niko vibaya," "nisaidie hesabu" humwacha msikilizaji na kazi ya kubuni, naye atabuni kile anachokijua, yaani ushauri. Ombi zuri lina kitu kimoja, kipimo, na mwisho. Mtahiniwa anaweza kumwandikia mwenzake aliyepita:

"Habari za leo, kaka. Ile karatasi ya hesabu za kampuni imenitoa kwa alama 7. Naomba dakika 40 zako Jumatano jioni, unioneshe jinsi unavyounganisha mizania ya kampuni mama na tanzu, swali moja tu. Nikishaona hatua zako, mengine nitayasukuma mwenyewe."

Ombi hili humwachia aliyeombwa nafasi ya kukubali kwa urahisi au kukataa bila aibu. Sentensi ya mwisho ina kazi yake pia: inamrudishia mwombaji usukani.

Ombi la pili liende kwa mtu tofauti, yule wa kusikiliza tu, na liseme hivyo waziwazi: "Dada, nataka kuongea nusu saa, sitaki ushauri leo." Watu wawili hawa wasichanganywe. Anayefundisha hesabu vizuri anaweza kuwa msikilizaji mbaya sana, na shangazi mwenye kifua cha kulilia anaweza asijue kampuni tanzu ni nini.

Kuwa na mtu wa kusikiliza hakumaanishi kuzungumza lilelile kila jioni. Mwaka 2002 Amanda Rose alilichunguza jambo hili kwa watoto na vijana: marafiki wanaorudiarudia matatizo yao pamoja walikuwa na urafiki wa karibu zaidi, na pia dalili nyingi zaidi za huzuni na wasiwasi. Ndiyo maana ni rahisi kuliendea jambo hili ukidhani linakutibu: ukaribu ni wa kweli, na madhara ni ya kweli. Kama mazungumzo ya tatu hayana habari mpya, badilisheni mada au tokeni mkatembee.

Kisiwa cha Kauai huko Hawaii, Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Takribani theluthi ya waliokulia katika hatari kubwa, umaskini, ugomvi wa nyumbani, wazazi wagonjwa, walikuja kuwa watu wazima wenye kazi na mahusiano mema. Katika maisha yao alikuwepo angalau mtu mmoja mzima aliyeshikamana nao, na si lazima awe mzazi. Naikumbuka takwimu hiyo kila ninaposikia "amejitengeneza mwenyewe."

Kupumzika kama sehemu ya kazi

Jumatatu mtahiniwa huamka na hasira nzuri. Anaandika ratiba ya kusoma kwa saa nne kila usiku baada ya kazi, siku saba kwa wiki. Kwa macho yangu hii ndiyo hatari kubwa kuliko huzuni ya Ijumaa, kwa sababu inafanana na ushujaa. Itadumu kama siku tisa. Kisha usiku mmoja atalala juu ya kitabu, siku ya pili ataruka, na ile sentensi ya zamani itarudi ikiwa na ushahidi mpya: umeona, hata ratiba huwezi.

Sabine Sonnentag ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyorudisha nguvu baada ya kazi. Kinachojirudia katika tafiti zake ni kwamba kuacha kazi kimwili hakutoshi, inabidi na kichwa kiiache. Mtu aliyelala kwenye kochi huku akisoma kikundi cha watahiniwa kwenye simu hajapumzika. Na siku zenye presha zaidi, ambazo mtu anahitaji zaidi kujiondoa, ndizo anazoshindwa kujiondoa. Kwa hiyo mapumziko lazima yapangwe kabla presha haijafika. Ukiyaacha yaje yenyewe, hayaji.

Ratiba inayobeba mtu wiki nyingi ni ndogo kuliko anavyotamani. Nitaandika hivi: siku nne kwa wiki, dakika 50 kila siku, kwa saa maalum, na dakika tano za mwisho ni za kuandika swali la kuanzia kesho. Kuandika huko kunasaidia kichwa kuachia, maana kazi ina mahali ilipolala. Siku moja nzima isiyo na kitabu. Matembezi ya nusu saa mchana kweupe, ambayo pia yanasaidia usingizi wa usiku. Na kitu kimoja kila wiki kisichohusiana na uhasibu ambacho mtu anaona anakiweza au anaendelea kukijua: kushona, kupiga gita, mpira. Hiki ndicho watu hukata kwanza, na ndicho kinachoukumbusha ubongo kila wiki kwamba kuna juhudi zinazozaa.

Siku za mwanzo usisubiri hamu. Wanaotibu sonona kwa kuwarudisha watu kwenye shughuli wameona mara nyingi kwamba kitendo hutangulia na hamu hufuata. Ukiona dakika 50 haziwezekani, fanya 10 na usimame hapo, hata kama unaweza kuendelea. Lengo la siku hiyo ni kuona kwamba uliahidi ukatimiza.

Kosa la mtihani nalo lifanyiwe mazoezi kama kosa la mkono. Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mpango wenye umbo la "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. "Nitagawa muda vizuri" ni nia tupu. "Dakika ya 36 ikifika na mizania haijalingana, nitapiga mstari, nitaacha nusu ukurasa wazi, nitafungua swali linalofuata" ni mpango. Ufanyie mazoezi kwa saa inayolia, swali moja moja kwanza, kisha mtihani mzima wa dakika 180. Mara za kwanza mkono utakataa kuachia, na kukataa huko ndiko kunakofanyiwa mazoezi.

Pale haya yasipotosha

Huzuni ya wiki ya kwanza ni ya kawaida. Lakini ikiwa wiki mbili zimepita na karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, mtu hana furaha na chochote, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, kazi imemshinda, huyo aende kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Akiwa na mawazo ya kujiua asingoje hata siku moja, aende leo, tena na mtu wa kumsindikiza.

Na baada ya majanga makubwa, ajali au ukatili, usimlazimishe mtu asimulie yote kwa kikao kimoja eti apate nafuu. Vikao vya namna hiyo vilipochunguzwa havikuonyesha faida ya kuzuia madhara ya baadaye, na baadhi ya watu waliendelea vibaya zaidi. Usalama, maji, kumpata ndugu, na mtu wa kukaa naye bila kumhoji huja kwanza.

Kuna pia mapigo ambayo si ya kuzoea. Bosi anayetukana kila siku hahitaji wafanyakazi wenye ustahimilivu zaidi, anahitaji kuzuiwa. Ule mstari wa katikati ya karatasi unafanya kazi hapa pia, ila mara nyingi upande wa yanayobadilika unahitaji mikono zaidi ya miwili.

Siku ya kumi ni Jumapili ya pili. Mtahiniwa ameweka saa mezani, amefungua swali la kuunganisha hesabu, na kwa mara ya tatu wiki hii mizania inatofautiana. Saa inalia. Anakodolea tofauti ile kwa sekunde chache, anapiga mstari, anaacha nusu ukurasa wazi na kufungua swali la pili.